Ugali Ukianza Kukwama, Usisubiri Uji Nao Ukwame

Mtu anapoanza kuona tonge la ugali linasimama kifuani kabla ya kushuka, na kumbe kilichomo ndani ni saratani ya umio, basi ugonjwa huo kwa kawaida umekwishakaa muda mrefu. Watu wengi huku Mtwara na Lindi hudhani ni kinyume chake: kwamba chakula kukwama ni dalili ya mwanzo, na kwamba kuna nafasi ya kujaribu dawa hii na ile kabla ya kwenda hospitali kubwa. Nafasi hiyo haipo. Ninaandika kutetea jambo moja tu: mtu mzima ambaye chakula kigumu kinamkwama kwa zaidi ya wiki mbili apimwe kwa endoskopi, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi ndani ya umio, na apimwe kabla ya kuanza kuzungushwa na dawa za vidonda vya tumbo.

Sababu iko katika umbile la umio lenyewe. Ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimeta 25 hivi kwa mtu mzima, unaoanza nyuma ya koo na kuishia tumboni. Mrija huu hutanuka. Tonge likifika, unapanuka zaidi ya sentimeta mbili, kisha unalisukuma chini. Uvimbe mdogo ukiota upande mmoja wa ukuta, upande mwingine unaendelea kutanuka na mwenyewe hajui lolote. Chakula kigumu huanza kukwama pale ambapo njia haiwezi tena kupanuka zaidi ya milimita 13 hivi, na hapo uvimbe mara nyingi umekwishazunguka sehemu kubwa ya mrija. Isitoshe, umio hauna ule utando wa nje unaoufunika utumbo. Saratani ikipenya misuli, inakuta jirani zake moja kwa moja: bomba la hewa, mshipa mkuu wa damu na neva inayoendesha sauti.

Kwa hiyo dalili hii inapotokea, muda uliobaki ni mfupi, na kila wiki inayopotea ina bei yake.

Saratani ya umio, ambayo wengi huiita kansa ya koo, iko ya aina kuu mbili. Ya kwanza ni saratani ya seli bapa, inayoanzia kwenye seli zinazofunika ukuta wa ndani wa umio, na hupenda zaidi sehemu za juu na za kati. Ya pili ni adenokasinoma, inayoota karibu na mlango wa tumbo, kwenye ngozi ya ndani iliyobadilika kwa kuunguzwa miaka mingi na asidi inayopanda. Hiyo ya pili inaandamana na unene na kiungulia cha muda mrefu, na ndiyo inayotawala Marekani na nchi nyingi za Ulaya Magharibi. Kwetu hali ni tofauti. Afrika Mashariki ina ukanda wa ugonjwa huu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na katika ukanda huo zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wana saratani ya seli bapa. Malawi iko miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Maelezo mengi ya afya yanayosambazwa kwa simu yametafsiriwa kutoka nchi ambako adenokasinoma ndiyo kubwa, hivyo yanamwonya mtu mnene mwenye kiungulia. Mkulima mwembamba wa Newala ambaye hajawahi kupata kiungulia anayasoma na kujiona yuko salama. Maelezo hayo hayamhusu, na yanamtoa kwenye njia.

Yanayomhusu ni mengine. Tumbaku ni ya kwanza, iwe sigara, ugoro au ile inayotafunwa ndani ya tambuu. Tena hata tambuu isiyo na tumbaku, kwa sababu ya popoo iliyomo, imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa na ya umio. Hilo wapenzi wa tambuu wa pwani hii wanastahili kuambiwa waziwazi. Ya pili ni pombe, na hapa siitofautishi bia ya chupa na uraka wa mabibo au gongo linalopikwa kutoka humo. Mwili unapoivunja pombe hutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba vya seli. Pombe na sigara zikikutana kwa mtu mmoja, hatari yake ni kubwa kuliko ukiijumlisha hatari ya kila moja.

Ya tatu ni joto la kinywaji, na hii hupuuzwa kuliko zote. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa si la chai wala la kahawa. Kosa ni la kuunguza ukuta uleule asubuhi na jioni kwa miaka thelathini. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro ulikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70. Kipimajoto hakuna nyumbani, lakini kipimo kipo: kama inakubidi unywe kwa kufyonza pamoja na hewa ili usiungue, bado ni ya moto mno. Ikiwezekana kupiga funda kamili bila kukunja uso, inywe.

Yapo na mengine: moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, meno mabovu yasiyotibiwa, mlo usio na matunda wala mboga, na kovu la mtu aliyewahi kumeza magadi makali ya kutengenezea sabuni. Lakini kuna jambo moja kuhusu orodha hizi ambalo nadhani linaleta madhara. Wahudumu wa afya huitumia kama chujio. Akija mama wa miaka 42 ambaye hajawahi kuonja pombe wala sigara, akasema chakula kinamkwama, anaambiwa ana wasiwasi tu. Katika ukanda wetu wagonjwa wengi wa saratani hii hawavuti wala hawanywi, na wamo walio chini ya miaka 45. Vihatarishi vinasaidia kujikinga. Havifai kabisa kuamua nani apimwe. Anayeamua hilo ni tonge lililokwama.

Sasa tuifuate njia yenyewe jinsi inavyopitwa. Mfano huu nimeuunganisha kutokana na safari za wengi. Si wa mtu mmoja. Mkulima wa korosho wa Tandahimba, miaka 57, kilo 64. Mwezi Agosti anaona nyama inasimama katikati ya kifua. Anaisukuma kwa maji, inashuka. Baada ya wiki mbili ugali wa muhogo nao unakwama ukiwa mkavu, anaanza kuulowesha kwenye mchuzi zaidi kuliko zamani. Mkewe anaona anachelewa kumaliza kula kuliko watoto. Yeye mwenyewe hasemi kitu, maana chakula bado kinapita.

Hapa ndipo endoskopi ilitakiwa kufanyika. Uzito uko palepale na njia bado inapitisha kamera.

Badala yake, Septemba anakwenda duka la dawa. "Shikamoo mzee, unasumbuliwa na nini?" "Marahaba mwanangu, kifua kinabana nikila." Neno "kifua" na neno "kula" yakikutana, jibu huwa ni vidonda vya tumbo, naye anaondoka na omeprazoli ya mwezi mzima. Dawa hiyo hupunguza asidi, na asidi ikipungua uwekundu unaouzunguka uvimbe unaweza kutulia kidogo. Anapata nafuu ya siku kadhaa, na nafuu hiyo inamshawishi anunue ya mwezi wa pili. Hakuna kidonge cha asidi kinachopanua mrija uliozibwa na uvimbe.

Oktoba korosho zinaanguka. Hakuna atakayeacha shamba msimu huo. Mwezi wa Novemba jirani anamwambia ni kimeo kimerefuka, kikatwe. Kimeo kinaning'inia nyuma ya kinywa. Tatizo lake liko sentimeta kumi na kitu chini zaidi. Kukikata hakugusi ugonjwa, ila kunamwongezea kidonda, damu na hatari ya maambukizi kwa mtu ambaye tayari anakula kwa shida.

Desemba fedha za mnada zimeingia, anakwenda kituo cha afya. Anapimwa helikobakta pailori, bakteria wa tumboni, na majibu yanaonyesha anao. Kila mtu anapumua, sababu imepatikana. Mtego huu unawanasa hata wahudumu wazuri. Bakteria huyo yumo tumboni mwa watu wazima wengi sana wa nchi hii, wagonjwa na wazima. Kumkuta hakuelezi kwa nini ugali haushuki. Anapewa mchanganyiko wa dawa wa siku 14, na kumeza vidonge vikubwa vya antibiotiki kwenyewe kumekuwa kazi.

Januari ugali ameuacha. Anaishi kwa uji wa mtama na supu. Mizani inasoma kilo 55, amepoteza zaidi ya asilimia kumi ya mwili wake. Sauti imeanza kukwaruza, dalili kwamba neva ya sauti imeguswa. Mwishoni mwa mwezi anakohoa kila akinywa maji, na hilo humfanya daktari ahofie tundu kati ya umio na bomba la hewa. Februari ndipo anapofanyiwa endoskopi: uvimbe uko sentimeta 28 kutoka kwenye meno ya mbele, na kamera haipiti.

Hesabu ya mfano huu ni miezi sita tangu nyama ya kwanza ikwame. Katika muda huo alitumia fedha kwenye duka la dawa, kwa mkata kimeo, kwenye vipimo na nauli, na hakuna hata senti moja iliyokwenda kwenye kipimo kinachoona ndani ya umio.

Siwezi kusema kwamba angepimwa Septemba angepona. Nimeeleza mwanzoni kwamba kukwama kwenyewe ni dalili iliyochelewa. Lakini Septemba na Februari si sawa hata kidogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kati ya wagonjwa ambao saratani haijatoka nje ya umio, karibu nusu wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali, wanabaki kama mmoja kati ya ishirini. Namba za kwetu haziwezi kuwa nzuri kama zile, ila pengo la kati ya anayewahi na anayechelewa lina sababu zilezile. Mtu wa kilo 64 anaweza kuvumilia mionzi ya wiki tano pamoja na dawa za saratani, au upasuaji mkubwa wa kuondoa umio na kuvuta tumbo juu lichukue nafasi yake. Mtu wa kilo 50 anayekohoa maji mara nyingi hawezi, na daktari mwenye huruma hatamlazimisha.

Kuhusu kipimo chenyewe, hofu iliyopo ni kubwa kuliko kinachofanyika. Mgonjwa hali chakula kwa saa sita hadi nane kabla ya kipimo. Ambaye chakula kinamkwama sana ale vimiminika tu siku moja au mbili kabla, kwa sababu mabaki hukaa juu ya sehemu iliyobana na kuficha kila kitu. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, ni chungu na humfanya aone kama hawezi kumeza mate, lakini hewa inapita kama kawaida. Analala ubavu wa kushoto, anang'ata kipande cha plastiki, na mpira wenye kamera, unene wake kama kidole kidogo cha mkono, unapitishwa taratibu. Kwa wengi huchukua dakika tano hadi kumi na tano. Wapo wanaopewa dawa ya usingizi, na wapo wanaofanyiwa kwa ganzi peke yake. Baada ya hapo hali wala hanywi mpaka ganzi iishe, saa moja hivi.

Daktari akiona kitu kisicho cha kawaida hukata vinyama vidogo, sita hadi nane ikiwezekana, kutoka sehemu tofauti. Havisikiki vikikatwa, umio hauna maumivu ya aina hiyo. Akishuku eneo ambalo halijavimba, anaweza kunyunyiza myeyusho wa madini joto: seli zenye afya hugeuka kahawia kwa sababu zina wanga, zilizoharibika hubaki zimepauka. Mabadiliko ya hatua hiyo, yakiwa bado kwenye ngozi ya juu tu, katika vituo vyenye utaalamu huweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo bila kupasua kifua.

Eksirei ya kunywa dawa nyeupe, bariamu, hutolewa mahali ambapo kamera haipo. Inaonyesha sehemu iliyobana na urefu wake. Haioni mabadiliko madogo, wala haikati kinyama, kwa hiyo ikisoma "hakuna tatizo" na chakula kinaendelea kukwama, safari haijaisha. Vivyo hivyo kwa kinyama chenyewe. Wakati mwingine kamera inaona uvimbe dhahiri, lakini kilichokatwa ni tishu iliyokufa juu yake, na maabara inaandika "uvimbe wa kawaida wa maambukizi". Familia inafurahi, inarudi nyumbani. Majibu ya aina hiyo yakipingana na kilichoonekana kwa macho, kinachotakiwa ni kurudia kipimo na kukata tena.

Si kila anayekwama ana saratani, na sitaki mtu asome hapa akose usingizi. Anayehisi donge kooni lakini chakula kinapita vizuri, hata akila donge linapungua, kwa kawaida hana kizuizi. Aliyepata kiharusi na maji yanampalia kila akianza kumeza ana shida ya misuli ya koo, na anahitaji uchunguzi wa namna nyingine. Anayekwamwa na maji na ugali kwa pamoja tangu siku ya kwanza huenda mlango wa chini wa umio haufunguki, maradhi yanayotibika; naye anahitaji kamera. Mwenye VVU anayeumia wakati wa kumeza, tena ana utando mweupe mdomoni, mara nyingi ana fangasi kwenye umio. Huyo ndiye pekee ambaye naona ni halali kumwanzishia dawa kwanza: flukonazoli humpa nafuu ndani ya wiki moja. Asipoipata, apimwe.

Saratani ina mwendo wake unaotambulika: nyama kwanza, kisha ugali, kisha wali, kisha uji, kisha maji, mwisho mate. Mwendo huo ukishuka kwa wiki na uzito ukashuka nao, hakuna ugonjwa wa vidonda vya tumbo unaofanya hivyo.

Hata kwa aliyechelewa, kamera bado ina kazi. Kupitia kwayo huwekwa mrija wa wavu wa chuma unaopanua njia, na mtu aliyekuwa hamezi mate anaweza kula chakula laini ndani ya siku chache. Unaweza kusogea au uvimbe ukapenya na kuziba tena, na nyama ya vipande haifai kabisa, lakini mtu anakula na familia yake. Mionzi nayo hupunguza uvimbe na maumivu.

Kinachonisumbua zaidi ni njia ya rufaa. Kutoka zahanati ya Nanyumbu au Liwale, mgonjwa anaandikiwa kwenda wilayani, kisha mkoani, Ligula au Sokoine, kisha hospitali ya kanda pale Mitengo, na matibabu ya mionzi yakihitajika ni Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 550 kutoka Mtwara mjini. Kila kituo kinaanza upya na maswali, na mara nyingi na omeprazoli. Hilo linaweza kubadilika bila kununua mashine yoyote mpya. Kabla mgonjwa hajapanda gari, mhudumu apige simu aulize endoskopi inafanyika wapi, siku gani, na kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. Uingereza daktari wa ngazi ya chini anaagizwa kumpeleka mwenye shida hii kwenye kamera kwa haraka bila kupitia kwa bingwa kwanza. Ngazi zetu za rufaa ziruhusu hivyo kwa dalili hii moja.

Na barua ya rufaa isiandikwe "maumivu ya tumbo". Iandikwe tarehe chakula kilipoanza kukwama, chakula kigumu cha mwisho alichoweza kumeza na lini, uzito wa leo na uzito aliokuwa nao kabla ya kuugua, kama sauti imebadilika, na kama anakohoa akinywa. Mgonjwa apewe nakala. Akifika kituo kingine wakataka kumwandikia dawa za mwezi mmoja kwanza, mtoto wake au mkewe aitoe barua hiyo na aulize, kwa adabu lakini bila kuondoka mlangoni, kamera itafanyika tarehe ngapi.